Polepole ni Neno Moja, Haraka Haraka ni Mawili

Kwenye fulana zinazouzwa Moshi kwa wapanda Mlima Kilimanjaro, maneno yanayosomeka kifuani ni POLE POLE, na katikati pameachwa nafasi ya kupita mtu. Mtalii haoni tatizo. Ndivyo alivyoambiwa na mwongozaji wake tangu getini. Lakini Mswahili akiisoma fulana hiyo anaweza kudhani aliyeivaa anapewa pole mara mbili: ya uchovu, halafu ya kuishia njiani.

Si utani tu. Ukienda msibani na kumshika mkono mfiwa, unasema “Pole, pole sana.” Hapo kila “pole” inatamkwa kwa uzito wake, na hata mtu akiitaja mara tano hajaunda neno jipya. Dereva anayeambiwa aendeshe polepole hapewi rambirambi. “Pole” na “pole” zimeungana, maana ikahama, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu huliandika kama neno moja.

Wanaisimu huita jambo hili uradidi: neno, au sehemu yake, kurudiwa ili kupata maana nyingine au kutia mkazo. Kiswahili kimejaa uradidi, na ugomvi wa kuunganisha au kutenganisha huzuka karibu kila siku kwenye meza za wahariri. Gazeti moja huandika “mbalimbali” ukurasa wa kwanza na “mbali mbali” ukurasa wa tano. Wengi hudhani ni suala la mazoea tu. Kwa sehemu ni kweli, lakini sikio linajua zaidi ya mazoea.

Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka “polepole” kwa mwendo wa kawaida: sauti inapanda mara moja tu, kwenye “po” ya pili. Ile ya kwanza inapita kimyakimya. Sasa tamka “haraka haraka”. Sauti inapanda kwenye “ra” ya kwanza, inashuka, inapanda tena kwenye “ra” ya pili. Mikazo miwili mizito, maneno mawili. Ndiyo maana “haraka haraka haina baraka” huchapwa kwa kutenganishwa na jicho halishtuki, ilhali “polepole ndio mwendo” inakaa vizuri ikiwa imeungana. Sikio hutoa jibu lilelile kwa “taratibu taratibu”, “asubuhi asubuhi” na “kidogo kidogo”. Neno la silabi mbili likirudiwa hubanana kwa urahisi likawa moja. La silabi tatu au zaidi hubaki na uzito wake pande zote mbili.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na “barabara” ndiyo inayojulikana zaidi. Njia ya magari hutamkwa kwa mkazo kwenye “ba” ya pili, kama kanuni inavyotaka. Lakini fundi anaposema kazi imekaa barabara, mkazo husogea nyuma hadi kwenye “ra” ya kwanza. Mkazo umehama, neno limebaki moja. Hakuna anayethubutu kuandika “bara bara”, maana hapo tungekuwa tunazungumzia Tanzania Bara mara mbili.

Sikio likishindwa, mtu hutazama maana: je, nusu ya neno inaeleza lile neno zima? “Pili” haisemi lolote kuhusu pilipili, wala “piki” kuhusu pikipiki. Hayo hayana mjadala. “Mbali” ipo na ina maana yake ya umbali, lakini maduka mbalimbali yanaweza kupakana ukuta kwa ukuta. Neno limeshaacha umbali na kuchukua maana ya aina nyingi. Huunganishwa. Kwa upande mwingine, ukisema watoto walipewa mia mia, kila “mia” bado ni mia kamili mfukoni mwa mtoto. Ukiziunganisha, unaficha hesabu. Ndivyo ilivyo kwa “wawili wawili” na “mmoja mmoja”: kirudiwacho kinahesabu mgawo, na kila upande unabaki neno kamili.

Kuna alama ya tatu, nayo haibembelezi mtu: kiambishi. Katika “anachekacheka”, “ana-” imetajwa mara moja kwa ajili ya pande zote mbili. Ukiandika “anacheka cheka”, ile “cheka” ya mwisho inabaki ikining’inia kama amri, utadhani msomaji anaamriwa naye acheke. Nguo yenye madoadoa haiwezi kuwa na “madoa doa”. Lakini “vipande vipande” imebeba “vi-” pande zote mbili, kwa hiyo kila upande unasimama kwa miguu yake. Alama hii hulishinda hata sikio: “anatembeatembea” ni ndefu na ina mdundo wa pande mbili, ila haina pa kukatwa.

Tuchukue sentensi ya aina inayomfikia mhariri saa za jioni: “Wafanyabiashara ndogo ndogo walihama mmojammoja kimya kimya, huku wakigeuka geuka kuwatazama mgambo, wakapanga bidhaa vile vile katika mitaa mbali mbali.”

Kuna sehemu sita za kuamua. “Wakigeuka geuka” inaunganishwa kwanza, kwa sababu “waki-” ni moja. “Mbali mbali” na “kimya kimya” zina mkazo mmoja kila moja, nazo zinaungana. “Mmojammoja” inatenganishwa, walihesabika. “Ndogo ndogo” inahitaji kutazamwa mara mbili. Maana yake si biashara ambazo ni ndogo sana, ni za rejareja, za mtaji mdogo, na hapo maana imesogea vya kutosha kuandika “ndogondogo”. (Kuna wanaotaka kivumishi kifuate watu badala ya biashara. Waandike “wafanyabiashara wadogowadogo” wajionee: wauzaji wote wamegeuka mbilikimo.)

Inabaki “vile vile”. Ikiwa mwandishi alikusudia kwamba wachuuzi walipanga bidhaa kwa namna ileile waliyoipanga mtaa wa kwanza, nafasi ibaki. Ikiwa alimaanisha “pia”, iandikwe “vilevile”. Hapa kanuni haimsaidii mhariri; itabidi ampigie simu mwandishi.

Majina ya historia yana ukaidi wake. Uji uliozidi maji ni wa majimaji, kwa mkazo mmoja. Lakini vita vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia 1905 hadi 1907 vilipewa jina kutokana na imani ya dawa ya maji iliyotolewa na Kinjikitile wa Ngarambe, na vitabu vingi vya Kiingereza huandika jina hilo kwa maneno mawili. Waandishi wa Kiswahili wengi wameliunganisha: Vita vya Majimaji, na uwanja wa mpira wa Songea ni Majimaji vilevile. Jina likishakuwa jina, halirudi tena kupimwa.

“Bodaboda” nayo imo safarini. Ilianzia kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria mpakani kati ya Kenya na Uganda, na vibao vingi vya barabarani bado huitenganisha. Midomo ya abiria imeshaiunganisha, kisha ikaikata: siku hizi mtu hupanda boda tu.