Dakika 15 mbele ya darasa la usaili

Shule nyingi binafsi nchini Tanzania haziridhiki na vyeti na maswali ya ofisini. Msailiwa hupewa mada, akaingizwa darasani, huku mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wameketi nyuma na karatasi ya alama. Muda ni mfupi, mara nyingi dakika 15 au 20. Wengi huja wameiva katika mada peke yake. Lakini wasaili hawana shaka kwamba mhitimu wa ualimu anaijua robo. Wanataka kuona kama watoto 40 wasiomjua watamfuata.

Tuseme ni Hisabati, Darasa la Tatu, nusu na robo, na andalio lako la somo linataka kila mtoto akunje karatasi. Hapo ndipo vipindi vingi huharibika: mwalimu anagawa karatasi, kisha ndiyo anaanza kueleza. Mtoto aliyekwisha kushika karatasi hasikilizi tena, na kabla safu ya mwisho haijapata, ya mbele imetengeneza ndege. Eleza kwanza. Kunja karatasi yako kubwa wakiona, mara moja kwa nusu, mara mbili kwa robo. Mwambie mwanafunzi mmoja arudie maelekezo kwa maneno yake, ndipo kiongozi wa kila safu agawe. Kwa hiyo ulizia mapema idadi ya wanafunzi na namna wanavyokaa, ufunge karatasi za kila safu peke yake.

Ishara ya kunyamaza ifundishwe dakika ya kwanza: "Nikiinua mkono, vitu chini, macho kwangu." Ijaribuni palepale. Baadaye ukiinua mkono, subiri mpaka wote watulie. Sekunde chache hizo huwa ndefu kwa msailiwa, naye huanza kusema juu ya kelele. Akifanya hivyo, watoto wameshajua kwamba mkono ule hauna maana.

Wawili wakipiga soga, sogea karibu nao huku ukiendelea kufundisha. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, inama, wape swali kwa sauti ya chini. Usitaje fimbo hata kwa kutishia. Kanuni za serikali zinamwachia adhabu ya viboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na mgeni anayeikimbilia ameonyesha kwamba hana njia nyingine.

Pengine hakuna wanafunzi, wasaili wenyewe ndio darasa, na mmoja atachezea simu makusudi. Mfanyie kama ungemfanyia mtoto.

Bakiza dakika tatu. Wote wainue karatasi wakionyesha robo moja, nawe utaona nani amekosea. Watazame vizuri, kwa sababu ofisini utaulizwa ungebadilisha nini. "Ningeboresha ushirikishwaji" ni jibu la kila mtu. Sema ulichokiona: "Wawili wa dirishani walikunja mara moja tu. Kipindi kijacho ningeanza nao."