Nguzo Isiyokaa Katikati ya Msingi

Nguzo ya mpakani mwa kiwanja mara nyingi hukaa upande mmoja wa kitako chake. Chukua kitako cha mita 2 kwa 2 chenye mzigo wa tani 40, uzito wake ukiwemo, uliohama sentimita 40 kutoka katikati. Wastani ni tani 10 kwa mita ya mraba, lakini wastani huo unadanganya.

Mpaka wa usalama ni sehemu ya sita ya upana, yaani sentimita 33. Mzigo umeuvuka, kwa hiyo ukingo wa mbali unanyanyuka, maana udongo husukuma tu, hauvuti. Kutoka kwenye mzigo hadi ukingo wa karibu ni sentimita 60. Mara tatu yake, mita 1.8, ndiyo inayogusa udongo. Shinikizo la ukingo huo hufika tani 22.