Kwa nini taa ya 555 inakataa kuwaka kidogo?

Ukipita steji ya boda usiku utaona pikipiki zimepangwa, na kwenye moja au mbili kuna kitaa chekundu karibu na mita: kinamweka, kinanyamaza, kinamweka. Wakati mwingine hakuna alamu yoyote ndani. Ni kitaa cha kumpiga mwizi chenga tu, na ndani yake kuna chipu ndogo ya miguu minane inayoitwa 555. Aliyeibuni ni Hans Camenzind, akifanyia kampuni ya Signetics, na imekuwa sokoni tangu 1972. Ukienda Luthuli hata leo hutaikosa.

Shida ni moja. Ukiiunga vile michoro mingi inavyoonyesha, kitaa kinakaa kikiwa kimewaka kuliko kilivyozimika. Badilisha rezista utakavyo, hakitashuka chini ya nusu. Alamu ya kweli inamweka mara moja na kutulia. Hiki chako kinaonekana kama indiketa ya matatu, na mwizi si mjinga.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Rezista ya kwanza, tuiite RA, inatoka kwenye chanya ya betri hadi mguu wa 7. Ya pili, RB, inatoka mguu wa 7 hadi mguu wa 6. Mguu wa 6 na wa 2 umeungwa pamoja, na hapo ndipo kapasita inaposhikwa, upande wake wa pili ukienda ardhini. Mguu wa 1 ni ardhi, wa 8 na wa 4 chanya, wa 5 unawekewa kapasita ya nanofaradi 10 hadi ardhini ili utulie. Mguu wa 3 ndio unaotoa moto wa taa.

Kapasita inajazwa kupitia RA na RB zote mbili, na muda huo wote mguu wa 3 uko juu. Ikifika theluthi mbili ya volti za betri, chipu inageuka: mguu wa 3 unashuka na mguu wa 7 unafungua njia ya kwenda ardhini. Sasa kapasita inamwagika kupitia RB peke yake. Ikishuka hadi theluthi moja, mchezo unaanza upya. Haitulii kamwe, ndiyo maana mafundi huiita multivaibreta isiyotulia.

```
t_juu   = 0.693 × (RA + RB) × C
t_chini = 0.693 × RB × C
f = 1.44 / ((RA + 2RB) × C)
D = (RA + RB) / (RA + 2RB)
```

Hiyo f ni masafa, yaani mizunguko mingapi kwa sekunde. D ni diuti saiko, sehemu ya mzunguko ambayo mguu wa 3 uko juu. Tuchukue RA kilo-omu 15, RB kilo-omu 120 na kapasita ya mikrofaradi 10. Juu tunapata sekunde 0.936, chini 0.832. Masafa ni 0.56, na diuti saiko ni 135 kugawanya kwa 255, yaani asilimia 53. Umeona? Kujaza kunapita RA na RB, kumwaga kunapita RB tu, kwa hivyo kujaza lazima kuchukue muda mrefu zaidi. Ungeweza kufika nusu kamili kama RA ingekuwa sufuri, lakini hapo mguu wa 7 utakuwa unaunga betri moja kwa moja na ardhi, na chipu itaungua. Usishuke chini ya kilo-omu 1.

Dawa ni dayodi moja ndogo, kama 1N4148, ikilazwa juu ya RB. Upande wenye mstari unatazama mguu wa 6, ule mwingine mguu wa 7. Wakati wa kujaza, umeme unaruka RB kupitia dayodi. Wakati wa kumwaga, dayodi inafunga na RB inafanya kazi yake. Sasa kila rezista ina zamu yake: RA inaamua muda wa kuwaka, RB muda wa kuzimika. Kwa rezista zilezile, kuwaka ni sekunde 0.104 na kuzimika ni 0.832. D ni RA kugawanya kwa RA + RB, asilimia 11. Hapo sasa.

Ukigeuza dayodi vibaya utajua mara moja: kitaa kitaonekana kimewaka muda wote, kwa sababu kapasita inamwagika haraka mno kuliko jicho linavyoweza kuona.

Lakini ukipima kwa makini, utakuta kuwaka kumerefuka kidogo kuliko hesabu. Ile 0.693 haikutoka hewani. Kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili, pengo lililobaki kufika volti za betri linapungua kwa nusu kamili, na 0.693 ndiyo namba ya nusu hiyo. Sasa dayodi inakula kama volti 0.6. Kwenye betri ya volti 12, kapasita inaelekea 11.4, na pengo linashuka kutoka 7.4 hadi 3.4, zaidi ya nusu. Namba inakuwa 0.778, na kuwaka kunafika sekunde 0.117, asilimia 12. Kwa taa haina noma. Ukitumia volti 5 za chaja ya simu, namba inapanda hadi 0.94 na unapata karibu asilimia 14.5 kwa rezista zilezile. Kapasita yenyewe ikikosea, na hizi za mikrofaradi hukosea hata kwa asilimia 20, masafa yanasonga lakini diuti saiko haiguswi, maana C haimo kwenye hesabu ya D.

Kuna njia nyingine isiyotaka dayodi kabisa. Badala ya kuunga taa kutoka mguu wa 3 kwenda ardhini, iunge kutoka chanya kwenda mguu wa 3, na rezista yake ya kilo-omu 1. Sasa inawaka mguu ukiwa chini. Badilisha nafasi za rezista: RA 120, RB 15. Juu ni sekunde 0.936, chini 0.104, na taa inawaka asilimia 10 ya wakati, betri iwe na volti ngapi. Kwa boda mimi ningechukua hii. Dayodi ihifadhi kwa kitu kinachotaka mpigo wa juu hasa, kama mota ya savo, ambayo husubiri mpigo wa milisekunde 1 hadi 2 katika kila 20.

Jambo la mwisho, la betri. Taa ya miliampea 10 ikiwaka asilimia 10 inakula wastani wa miliampea 1 tu. NE555 ya kawaida yenyewe hula kama miliampea 3 kwa volti 5 na 10 kwa volti 15, mchana na usiku. Mlinzi anakula kuliko anachokilinda. Mwenye boda akienda ushago wiki mbili, kitu kitakachomaliza betri ni chipu, wala si taa. Ulizia ile ya CMOS, kama TLC555, ambayo kwa kawaida hula chini ya nusu miliampea. Haiwezi kusukuma zaidi ya miliampea 10 kutoka mguu wa 3, lakini kuvuta inavuta hadi 100, na taa iliyoungwa kutoka chanya inataka kuvutwa tu.