Presha Ikipanda na Potasiamu Ikishuka: Uvimbe Usiokaa Kichwani

Mgonjwa anayefika kliniki ya Kitale au Bungoma na presha mpya pamoja na sukari mpya kwa kawaida hurudi nyumbani na dawa za yote mawili na tarehe ya kuonana tena na daktari. Mara nyingi uamuzi huo ni sahihi, maana magonjwa hayo yamekuwa ya kila siku. Hata hivyo, lipo kundi dogo la wagonjwa ambao presha, sukari na unyonge wa misuli huwajia kwa pamoja ndani ya wiki chache, na yote yanatokana na kotisoli iliyopita kiasi. Kwa kundi hili nashikilia hoja moja: cha kuangaliwa mapema ni kasi ya ugonjwa na kiwango cha potasiamu katika damu, wala si mviringo wa uso, na picha ya kichwa isitangulie vipimo vya damu.

Kotisoli hutengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Amri ya kuitengeneza hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kupitia homoni ambayo karatasi ya maabara huiandika ACTH. Mnamo 1932 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alieleza jinsi uvimbe mdogo wa pituitari unavyoleta uso wa mviringo, tumbo kubwa, miguu myembamba na michirizi ya ngozi. Hicho ndicho chanzo cha visa vingi ambavyo mwili wenyewe huzalisha kotisoli kupita kiasi, takriban 7 kati ya 10. Lakini tangu 1928 daktari Mwingereza, Brown, alikuwa ameeleza habari za mwanamke mwenye kisukari na ndevu aliyekuwa na saratani ya mapafu. Baadaye ilithibitika kwamba uvimbe wa mapafu, wa tezi ya thaimasi kifuani, wa kongosho na wa sehemu nyingine unaweza kutengeneza ACTH wenyewe. Uvimbe wa pituitari bado husikia breki kidogo kotisoli inapozidi. Huu wa nje ya pituitari kwa kawaida hausikii, ndiyo maana kotisoli huruka juu sana kwa muda mfupi. Aina ya tatu ni uvimbe wa adrenali yenyewe, ambao hutoa kotisoli bila kungoja amri ya mtu, na hapo ACTH hushuka karibu na sifuri.

Potasiamu inaingiaje? Figo zina kimeng'enya kinachoizima kotisoli kabla haijagusa sehemu zinazotawala chumvi. Kotisoli ikifurika, kimeng'enya hicho huzidiwa. Figo hubakiza chumvi, presha hupanda, na potasiamu hutoka na mkojo. Hili huwapata wengi wa wenye uvimbe wa nje, lakini ni takriban mgonjwa 1 tu kati ya 10 wenye uvimbe wa pituitari. Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 46 kutoka Kiminini, presha 190/115 na sukari 17, yote katika miezi miwili. Hajanenepa, amekonda. Hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Vifundo vya vidole na fizi vimekuwa vyeusi kuliko zamani, kwa sababu ACTH nyingi huamsha rangi ya ngozi; kwa mtu mweusi badiliko hilo huonekana vizuri akilinganishwa na picha yake ya zamani. Potasiamu yake ni milimoli 2.4 kwa lita, ilhali kiwango cha chini cha kawaida ni 3.5. Mama huyu hana ule uso wa vitabuni, na anayeusubiri uso huo atachelewa.

Nitajibiwa kwamba potasiamu hushushwa pia na dawa ya presha ya kukojoza, na ni kweli. Dawa hiyo ibadilishwe, potasiamu irudishwe kwa vidonge, kisha ipimwe upya. Ikiendelea kushuka huku sukari na presha vikipanda, dawa haiwezi kubebeshwa lawama yote. Mgonjwa ataulizwa pia kama ametumia prednisoloni, sindano za deksamethasoni au krimu kali za kung'arisha ngozi, kwa kuwa hizo ndizo chanzo kikuu cha uso wa mviringo, na kwa anayezitumia ACTH huwa imezimwa. Baada ya hapo ndipo apewe deksamethasoni miligramu 1 saa tano usiku, na kotisoli ipimwe saa mbili asubuhi. Kwa mtu mzima wa afya hushuka chini ya nanomoli 50 kwa lita. Yake ni 1,100. Hapa anayetumia dawa za kifua kikuu lazima atajwe: rifampisini huifanya deksamethasoni iishe haraka mwilini, hata kotisoli ikaonekana haijashuka ilhali hakuna uvimbe wowote. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya vivyo hivyo.

Damu yenyewe inaweza kudanganya, na hili ni jambo zito kwa anayepimwa mbali na maabara kubwa. Ikikaa muda mrefu kabla ya kutenganishwa, au chembe zake zikipasuka, potasiamu ya ndani ya chembe huvuja na iliyoshuka huonekana sawa. ACTH nayo, inayopimwa ili kujua chanzo kiko wapi, huharibika upesi: huchukuliwa katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, huwekwa kwenye barafu na kuzungushwa kwa mashine ya baridi bila kukawia. Chupa iliyosafiri katika joto kutoka Bungoma hadi Eldoret inaweza kuleta jibu la chini la uongo, na daktari akaanza kutafuta uvimbe kwenye adrenali. Kwa kipimo hiki ni afadhali mgonjwa asafiri kuliko damu yake.

Wengine watasema: kwa nini asipigwe tu picha ya MRI ya kichwa, mambo yaishe? Kwa sababu takriban mtu 1 kati ya 10 wenye afya ana doa dogo kwenye pituitari lisilo na madhara. Mama wetu, mwenye ACTH iliyo juu, akionekana na doa la milimita 4, anaweza kufunguliwa pituitari bure huku uvimbe wa milimita 12 ukiwa umejificha nyuma ya moyo, mahali ambapo eksirei ya kawaida huukosa. Kipimo kinachoamua ni kuchota ACTH kwenye mishipa inayotoka pituitari na kuilinganisha na ya mkononi, lakini hufanyika katika vituo vichache sana. Pasipo kipimo hicho, ugonjwa wa kasi wenye potasiamu ya chini ni sababu ya kutosha kuanza na CT ya kifua na tumbo. Hoja hii ina mpaka wake: uvimbe mdogo wa mapafu unaokua taratibu unaweza kuiga ule wa pituitari, hata potasiamu ikabaki sawa. Kwa hiyo potasiamu iliyoshuka huongeza shaka, lakini iliyo sawa haiiondoi.

Wala asisubiri chanzo kipatikane ndipo atibiwe. Ketokonazoli au metiraponi hupunguza kotisoli, spironolaktoni huilinda potasiamu, na homa ichukuliwe kwa uzito kwa kuwa kinga imelala. Kwa wahudumu wa Trans Nzoia na Bungoma ombi langu ni hili: presha kali, sukari mpya na misuli iliyolegea vikija pamoja ndani ya wiki chache, pimeni potasiamu siku hiyohiyo, na ikiwa imeshuka, mpelekeni mgonjwa rufaa mkiandika neno kotisoli kwenye barua.