Je, Wajua? Ndoo ya Kilo 20 Huvuta Miti ya Kisima kwa Kilo 40

Chukua kisima cha nyumbani huko Katito, kapi limefungwa kwenye miti mitatu iliyounganishwa juu. Ndoo ya maji ina kilo 20. Je, miti inabeba kilo 20?

Hapana. Kamba inavuta kapi pande zote mbili: upande mmoja ndoo, upande wa pili mikono yako. Ukisimama karibu na kuvuta wima kwenda chini, miti hubeba kilo 40, tukiacha uzito wa kapi na msuguano.

Ukirudi nyuma, kamba ikafanya pembe ya nyuzi 90, mzigo hupungua hadi kilo 28 hivi. Lakini sasa mzigo huo unavuta kimshazari, katikati kabisa ya pembe ya kamba: kilo 20 kwenda chini, kilo 20 kuelekea kwako. Ndiyo maana miti iliyosimama imara huweza kuangukia upande wa mvutaji.

Tazama mti ulio mbali nawe. Mguu wake ukiinuka udongoni, acha kuvuta, sogea karibu na kisima, kisha ufukie miguu ya miti zaidi.

Kanuni: F = 2T cos(θ/2), ambapo T ni mvuto wa kamba na θ ni pembe kati ya pande zake mbili.