Aina Nane za Mvinyo Zatosha

Mgahawa wa viti 40 jijini Dar es Salaam, unaopika samaki wa kupaka, pweza na nyama choma, hauhitaji orodha ya mvinyo yenye kurasa kumi. Aina nane zatosha: tatu nyeupe, tatu nyekundu, moja ya waridi na moja yenye mapovu. Kila aina inayozidi hapo ni fedha iliyolala stoo.

Uchaguzi uanzie jikoni. Mchuzi mzito wa nazi unataka mvinyo mweupe wenye uchachu, kwani uchachu hukata mafuta ya nazi kama ndimu inavyofanya. Chenin Blanc ya Afrika Kusini huifanya kazi hiyo vizuri, na bei yake haitishi. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, mara nyingi hugombana na samaki na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Huo mahali pake ni kwenye nyama choma, ambako mafuta ya nyama huulainisha. Penye pilipili nyingi, kilevi kikali huzidisha moto, hivyo mvinyo mwepesi wenye utamu kidogo hufaa zaidi. Nafasi moja apewe mkulima wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Kwenye bei ndiko wengi hupotea. Tuseme chupa imenunuliwa shilingi 20,000. Mwenye mgahawa huizidisha mara tatu na kuiuza 60,000 kabla ya kodi. Faida ghafi ni 40,000, na wateja hawalalamiki. Kisha anaichukua chupa ya 60,000 na kuizidisha vilevile. Inafika 180,000, na hapo haiguswi mwaka mzima. Angeiuza 120,000 ingetoka, na angebaki na 60,000, zaidi ya faida ya ile chupa rahisi. Ahesabu shilingi zinazobaki mkononi, kuzidisha si sheria.

Kwa glasi, chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi ya ile chupa ya 20,000 ikiuzwa 14,000, tatu tu huleta 42,000; hata mbili zikimwagwa, hakuna hasara. Ndiyo maana aina mbili au tatu tu ndizo zifunguliwe kwa glasi.

Adui mkubwa wa stoo ya pwani ni joto. Nyuzi 12 hadi 14 ndizo bora, bila jua na bila kupandapanda. Chupa ya kizibo cha koki ilazwe ili kizibo kisikauke. Ya kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama. Iliyofunguliwa izibwe na kuwekwa kwenye friji, nyekundu pia, na iuzwe ndani ya siku tatu. Mhudumu aandike tarehe shingoni mwa chupa, na ainuse kabla ya kumimina. Ikinuka siki, asimpelekee mteja.