Kesi Bado Iko Mahakamani

Kila mwaka, hesabu zinapokaribia kufungwa, kuna sentensi moja ambayo mkaguzi lazima akutane nayo: "Hilo tumeliacha, kesi bado iko mahakamani." Husemwa kwa utulivu, kama vile hakimu peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mhasibu kwamba kampuni ina deni. Sivyo. Hukumu huja kuthibitisha deni. Kama deni lipo, lilizaliwa siku jambo lenyewe lilipotokea.

Tuchukue kampuni ndogo ya usafirishaji, ya kubuni tu, inayofunga hesabu Desemba 31. Novemba 2024 lori lake lilikosa breki mteremkoni, likaingia ndani ya duka la vipuri na kuvunja ukuta na rafu zote za mbele. Mwenye duka akafungua kesi akidai shilingi milioni 120. Wiki chache baadaye mwendesha bodaboda naye akaleta hati yake ya madai: anasema lori hilohilo lilimpitia kabla halijafika dukani, akavunjika mguu, na anataka milioni 80. Kampuni ina ajali moja na madai mawili. Mwishoni mwa mwaka mhasibu ana njia tatu kwa kila dai: kuliingiza kwenye hesabu kama deni, kulieleza kwa maneno tu kwenye kurasa za nyuma, au kulinyamazia.

Tanzania na Kenya hufuata viwango vya kimataifa, na kiwango kinachoamua hapa ni namba 37, kilichotolewa mwaka 1998. Kinauliza mambo matatu. Je, kuna wajibu uliopo sasa kutokana na jambo lililokwisha kutokea? Je, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulipa kuliko kutolipa? Je, kiasi kinaweza kukadiriwa kwa namna ya kuaminika? Majibu yakiwa ndiyo yote matatu, kampuni inaweka tengo: gharama inaingia kwenye taarifa ya faida na hasara mwaka huohuo, na deni linaonekana kwenye mizania. Jibu moja likiwa hapana, dai linabaki kuwa deni linaloweza kutokea, nalo huelezwa kwenye maelezo ya hesabu bila kugusa faida. Kama uwezekano wa kulipa ni mdogo mno, hata maelezo hayahitajiki.

Neno "tengo" lenyewe huwapotosha wengi. Mkurugenzi akisikia milioni 45 zimetengwa, hudhani kuna fedha zimehamishiwa akaunti nyingine benki. Hakuna shilingi iliyosogea. Kilichofanyika ni kukiri deni.

Sasa tuyapime madai yetu. Kwa duka, dereva amekiri kwa polisi, na ripoti ya ukaguzi wa lori inasema breki zilikuwa zimechakaa. Wakili anaandika kwamba kampuni ina uwezekano mkubwa wa kushindwa, lakini ankara za mwenye duka na makadirio ya fundi wa ujenzi yanaonyesha hasara ya takriban milioni 45. Basi linawekwa tengo la milioni 45. Zile milioni 120 za hati ya madai ni ombi la mdai, na mdai hajawahi kulazimishwa na mtu kuomba kidogo.

Kwa bodaboda mambo ni mengine. Ramani ya ajali iliyochorwa na polisi haionyeshi pikipiki yoyote, na karatasi ya hospitali ina tarehe ya siku mbili kabla ya ajali. Wakili anampa mdai nafasi kama tatu kati ya kumi. Hapa ndipo mhasibu mwenye kikokotoo hukosea: anachukua asilimia 30 ya milioni 80 na kuingiza milioni 24, akiamini amekuwa mwangalifu. Lakini hakuna hakimu atakayetoa milioni 24 kwa hesabu hiyo. Mguu ulivunjwa na lori lile au haukuvunjwa. Hesabu ya wastani wa namna hiyo inafaa pale kampuni yenye kesi mamia zinazofanana inapokadiria jumla yake. Kwa dai moja, mstari uko nusu kwa nusu: chini yake tengo ni sifuri, na maelezo yanaandikwa. Yaeleze aina ya dai, makadirio ya athari yake kwa fedha kama yanawezekana, na jambo gani bado halijajulikana. "Kampuni ina kesi kadhaa za kawaida" si maelezo.

Mkurugenzi ana swali, na ni swali la haki: "Mama, nikiandika hayo, wakili wa yule kijana si atayasoma?" Kiwango kinalikubali tatizo hilo, lakini kwa hali adimu sana. Ikiwa kueleza kila kitu kutaharibu vibaya utetezi, kampuni inaweza kuficha undani, ila iseme kwa jumla kuna mgogoro gani na kwa nini haikueleza zaidi. Kunyamaza kabisa hakuruhusiwi.

Barua ya wakili ndiyo ushahidi mkuu, na mara nyingi ndiyo dhaifu. "Tuna utetezi mzuri" haimsaidii mtu. Ndiyo maana menejimenti huandaa barua ya maulizo, mkaguzi huituma mwenyewe, na wakili hujibu moja kwa moja kwa mkaguzi. Mimi binafsi huanza kwingine: kwenye leja ya malipo ya mawakili. Kampuni inayodai haina kesi lakini imelipa ada za wakili mara nne tangu Agosti ina kitu haijanisimulia.

Kuna bima pia. Mhasibu wetu alitaka kuandika milioni 5 tu kwenye mizania, kwa kuwa bima ingebeba 40. Lakini kampuni ya bima ilikuwa bado inachunguza kama leseni ya dereva ilikuwa ya daraja linalofaa kwa lori. Fidia ya bima huingizwa pale tu inapokuwa karibu hakika, na hata hapo husimama peke yake upande wa mali, isizidi tengo. Deni la mwenye duka linabaki milioni 45, bima ilipe isilipe.

Kisha Machi 2025, kabla bodi haijasaini hesabu, hukumu ya duka ikatoka: milioni 52. Ingawa ilitolewa mwaka mpya, inathibitisha wajibu uliokuwepo Desemba, kwa hiyo tengo la mwaka 2024 linapandishwa hadi 52. Mkurugenzi akasema, "Tunakata rufaa, lifute." Rufaa peke yake haifuti kitu. Wakili angehitaji kueleza kwa nini sasa kampuni ina nafasi kubwa ya kushinda, na hakuwa na hoja mpya zaidi ya hasira za mteja wake.

Dai la bodaboda likabaki kwenye maelezo, milioni 80 na sababu zake, kurasa mbili kabla ya mwisho. Mwaka uliofuata likapimwa upya kuanzia mwanzo. Kiwango chenyewe kina mfano wa namna hii: watu kumi wanafariki baada ya harusi, huenda kwa sumu ya chakula, na mawakili wanasema muuzaji huenda asionekane na hatia, mwaka unaofuata wanabadili maoni, na maelezo yanageuka kuwa tengo. Kwa kijana wetu kilichobadilika ni karatasi moja. Hospitali ilileta rejista halisi ya mapokezi, na tarehe iliyokuwa kwenye karatasi ya kwanza ilikuwa imekosewa na karani. Aliingizwa wodini siku ya ajali, saa mbili usiku.